Suti imekaa vizuri ila bado inaonekana imebandikwa? Angalia mwanga

Wengi mkianza kubadilisha nguo kwenye picha kwa Photoshop mnahangaika weee na kukata kola na kubana mabega mpaka suti inakaa, afu ukitazama bado kichwa ni cha mtu mmoja na mwili wa mwingine. Mara nyingi hapo ukataji hauna shida, shida ni mwanga.

Kabla hujaleta suti yoyote, soma uso kwanza. Angalia kivuli cha pua kimelalia upande gani, chini ya taya giza limeenda wapi, na ile nukta nyeupe ndani ya jicho iko wapi. Angalia pia ukingo wa kivuli, kama umekatika wazi au unayeyuka taratibu, mana hivyo ndo vivuli vyako vitatakiwa kufanana.

Tuchukue picha ya kijana aliyekaa dirisha likiwa kushoto kwa picha, mwanga laini wa njano kidogo, na suti uliyopata imepigwa studio na taa imetoka kulia. Wengi wanakimbilia Flip Horizontal. Inasaidia, ila kwenye koti la kiume mfuko wa kifuani uko kushoto kwa mvaaji, na upande wa kushoto ndo unalalia juu pale kwenye vifungo, sasa ukigeuza vyote vinahama na mtu anayejua suti ataona hapo hapo. Mi naona bora usigeuze, hamisha mwanga.

Weka leya ya Black & White juu ya kila kitu ili rangi isikudanganye, ubaki na mwanga na giza tu. Afu juu ya suti weka Curves mbili, zote uzibane kwenye suti kwa Ctrl+Alt+G na uziweke Luminosity ili zisichezee rangi. Moja vuta mstari chini katikati, nyingine vuta juu, kisha maski zake zigeuze kuwa nyeusi kwa Ctrl+I. Sasa chukua brashi laini nyeupe, Flow 5 hadi 10, kwenye ile ya giza paka bega lililo kulia kwa picha na ubavu wake, kwenye ile ya mwanga paka bega lililo kushoto kwa picha na ukingo wa kola unaotazama dirisha. Paka kidogo kidogo, fuata mikunjo ya kitambaa, usipite juu yake kama unapaka ukuta. Sehemu iliyoungua kabisa kwa taa, mfano tai ya kung'aa, Curves haitarudisha kitu kwa sababu hakuna data pale, hiyo tai badilisha tu.

Mwanga ukikaa, zima Black & White tuje kwenye rangi. Hapa usikisie, tumia paneli ya Info na Eyedropper uliyoiweka 5 by 5 Average. Tuseme nguo nyeupe aliyokuwa amevaa mwanzo inasoma 232, 221, 203 kwenye sehemu yenye mwanga, na shati jipya linasoma 244, 246, 250, yaani lina ubluu na limezidi kung'aa. Weka Curves nyingine, hii iache Normal, ingia Red weka nukta Input 244 Output 232, Green 246 iende 221, Blue 250 iende 203. Fanya hivyo hivyo kwa giza, kama weusi kabisa wa picha ni 22, 17, 15 na suti inasoma 6, 7, 11, ipandishe ifike hapo. Hii ya giza watu wanaisahau sana na ndo inafanya suti ionekane nyeusi tii kwenye picha ambayo haina weusi huo popote. Ukitaka kuhakiki weka Hue/Saturation juu kabisa na upandishe Saturation kwa muda, tofauti ya rangi iliyobaki itapiga kelele yenyewe, ukishaona ifute.

Mwisho vivuli, leya mpya ya Multiply iliyobanwa kwenye suti. Rangi usichukue nyeusi, chukua kutoka kwenye sehemu yenye kivuli ya ile nguo yake ya mwanzo, mana kivuli juu ya shati jeupe nacho kina rangi ya chumba. Kivuli cha kidevu paka mara mbili: kimoja chembamba na kizito pale shingo inapoingia kwenye kola, kingine kipana chepesi kinachoelekea kulia na chini. Afu leya nyingine ya Multiply juu ya shingo, rangi itoke kwenye kivuli cha ngozi yake, upitishe mstari mwembamba pale ngozi inapogusana na kola, uwe mnene zaidi upande wa kulia. Bila huo mstari kola inaelea. Punguza Opacity mpaka ukizima na kuwasha leya unaona tofauti, ila ikiwa imewaka jicho halikimbilii hapo.