Zinki kwenye maji ya kisima chenye chumvi

"Kisima cha Likoni, zinki inasoma chini kwenye mashine ya mwali. Nikiongeza standadi ndani ya sampuli yenyewe itatosha?"

Itatosha kwa upungufu huo. Chumvi hupunguza kiasi cha maji kinachofika kwenye mwali, ndiyo maana standadi za maji safi zinakudanganya. Mimi hutia mililita 20 za kisima kwenye kila chupa ya 50, naongeza zinki ili chupa zipate 0, 0.2, 0.4 na 0.6 mg/L, halafu asidi kidogo na maji safi hadi alama. Ukisoma 0.060, 0.100, 0.140 na 0.180, mstari unapanda 0.2 kwa kila mg/L, kwa hiyo chupani mna 0.060 gawanya kwa 0.2, yaani 0.30 mg/L. Zidisha kwa 2.5: kisima kina 0.75 mg/L.

Anayekuambia uizimue tu sampuli kwa maji safi yuko sawa nusu: chumvi itapungua. Lakini zinki ikiwa kidogo itapotea kabisa.

Ila washa taa ya deuteri, ile ya kusahihisha mwanga unaozibwa na vitu visivyo zinki. Chumvi pia huziba mwanga, na kizibo hicho ni kilekile katika chupa zote, kinainua mstari mzima. Kuongeza standadi hakukioni, na jibu litatoka kubwa kuliko ukweli.