Kwa Nini Lita ya Dizeli Humfikisha Mtu Mbali Kuliko Lita ya Petroli

Msomaji mmoja anayesafirisha dagaa kutoka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenda Shinyanga ameniandikia akiuliza anunue Haisi ya petroli au ya dizeli, kwa sababu muuzaji wa magari amemhakikishia kwamba dizeli ina nguvu mara mbili ya petroli. Nami niliwahi kuuziwa gari kwa maneno hayo hayo, na bado yananikera, kwa kuwa mwenye kuyasema huwa hajawahi kuyapima. Mimi nimepima, tena kwa magari mawili yenye bodi moja.

Tuanze na mafuta yenyewe. Kilo moja ya petroli na kilo moja ya dizeli hutoa joto linalokaribiana sana, takriban megajuli 43 kila moja. Lakini kituoni hatuuziwi kilo, tunauziwa lita, na lita hupima nafasi tu. Lita ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.75, ilhali ya dizeli hukaribia kilo 0.84. Ni kama madebe mawili ya dagaa, moja limeshindiliwa na jingine halikushindiliwa: debe ni lile lile, chakula si kile kile. Kwa hiyo lita ya petroli ina takriban megajuli 32 na ya dizeli takriban 36, yaani tofauti ya asilimia 12 hivi.

Sasa linganisha na barabara. Haisi yangu ya petroli, kwa safari za mjini na za nje zikichanganywa, ilikwenda kilomita 9 kwa lita, na ya dizeli inakwenda 12. Kama tofauti ingetokana na mafuta peke yake, ya dizeli ingefika kilomita 10 na kidogo, kisha ingekwama hapo. Katika zile kilomita 3 za ziada, moja ndiyo ya mafuta, na karibu mbili zimeletwa na injini. Hili ndilo ninalotaka kila anayenunua gari alifahamu.

Injini ya petroli huvuta hewa iliyochanganywa na mafuta, na mchanganyiko huo ukigandamizwa kupita kiasi huwaka wenyewe kabla ya wakati na injini huanza kugonga. Ndiyo maana mgandamizo wake mara nyingi huishia karibu mara 10. Injini ya dizeli hugandamiza hewa tupu, mara 16 au zaidi, hadi inakuwa na moto wa kutosha kuwasha mafuta yanapopulizwa na nozeli bila plagi. Gesi iliyobanwa hivyo hutanuka kwa kiasi kikubwa zaidi ikiisukuma pistoni, na joto linalopotelea kwenye bomba la moshi hupungua.

La pili halisemwi sana. Unapokanyaga mafuta kidogo katika gari la petroli, mlango wa hewa hubaki umefungwa nusu, na pistoni hutumia sehemu ya nguvu kuvuta hewa kupitia upenyo huo mwembamba. Injini ya dizeli huvuta hewa yake yote, na mguu wako hupunguza mafuta tu. Kwa hiyo tofauti huwa kubwa pale gari linapojikokota, kama kwenye foleni ya Buzuruga, na hupungua kwenye barabara ya Shinyanga ukiwa na mzigo mzito na mguu chini, kwa sababu hapo mlango wa hewa uko wazi. Hupungua, lakini haiishi.

Usimwamini muuzaji, wala usiniamini mimi, pima. Jaza tangi hadi bunduki ya pampu ikatike yenyewe, andika kilomita, tembea mpaka tangi likaribie nusu, kisha rudi kwenye pampu ile ile ujaze tena hadi ikatike. Kilomita ulizotembea, gawanya kwa lita zilizoingia. Haisi ya dizeli ikitoa moshi mweusi mfululizo hata bila mzigo, mafuta hayaungui yote: kagua kichujio cha hewa na nozeli kabla ya kulaumu kituo. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo ni nyepesi zaidi, hivyo kila lita hubeba nishati pungufu.

Kuhusu fedha, angalia bei kikomo za Mwanza ambazo EWURA hutangaza kila mwezi. Kwa vipimo vyangu vya 9 na 12, dizeli hubaki nafuu kwa kila kilomita mradi bei ya lita yake haijaizidi ya petroli kwa theluthi. Kutokana na unafuu huo utoe gharama ya nozeli na pampu ya dizeli, ambazo zikiharibika ni ghali kuliko plagi. Kwa mtu anayekwenda Shinyanga kila wiki na mzigo, ningechagua dizeli. Kwa gari linalotoka nyumbani Nyegezi hadi mjini na kurudi, mara chache kwa wiki, huenda kilomita zisitoshe kulipa nozeli hizo.