Taa mpya ya friji imegoma kuwaka: kosa liko wapi?

Swali: Fundi, taa ya ndani ya friji yangu ilimetameta kwa muda, kisha ikazima kabisa. Si balbu ya kuzungusha, ni ile ya LED iliyobanwa juu kwa ndani. Nimenunua nyingine yenye namba ileile, nimeifunga, nayo haiwaki. Friji inapoza vizuri tu. Nimeuziwa mbovu, au kuna kitu kingine cha kubadilisha?

Jibu: Usiirudishe dukani kwanza, ndugu yangu. Kumetameta kunaweza kutoka kwenye taa yenyewe, lakini pia ni dalili ya kiungo cha waya kilicholegea au kilichoota kutu. Kwa kuwa taa mpya nayo imegoma, mimi ningeanza na kiungo.

Kwenye friji za balbu ya kizamani mambo yalikuwa mafupi. Umeme wa ukutani ulipita kwenye swichi ya mlango, ukaenda moja kwa moja kwenye balbu. Friji nyingi za LED haziko hivyo. Swichi ya mlango, mara nyingi ile inayofanya kazi kwa sumaku, haibebi umeme wa taa. Inaipa tu bodi ya kielektroniki inayoendesha friji habari kwamba mlango umefunguliwa. Bodi ndiyo inayotoa volti 12 za DC na kuzipeleka kwenye taa kwa nyaya nyembamba, ambazo sehemu kubwa zimezama ndani ya povu la ukuta. Kwa hiyo taa ni kituo cha mwisho tu. Chochote kikikatika njiani, hata ungefunga taa kumi mpya, giza ni lilelile.

Kabla ya kushika kifaa chochote, sikiliza. Fungua mlango: je, feni ya ndani inasimama? Ukiuacha wazi kwa muda, je, friji inalia king'ora? Kama lolote kati ya hayo linatokea, bodi imepata habari ya mlango, na swichi haina kosa. Kama friji yako kwa kawaida hulia lakini sasa iko kimya, kagua swichi na sumaku yake mlangoni kabla ya kuendelea. Hapo taa haihusiki kabisa.

Tuseme king'ora kinalia. Sasa soma maandishi yaliyo nyuma ya taa. Ukiona 12V DC na nyaya mbili, unaweza kuipima nje ya friji kwa adapta yoyote ya DC yenye volti 12, kwa mfano ya ruta ya intaneti. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukigeuza, haitawaka na utaisingizia ubovu. Kama taa haina maandishi ya volti, au inaonyesha 220 hadi 240, usiijaribu kwa njia hii, na usiendelee na vipimo vinavyofuata. Umeme wa ukutani ndani ya kabati lenye unyevu mwachie fundi.

Taa ikiwaka nje, ni nzima, na muuzaji hana kosa. Hapo ndipo watu wengi hukosea hatua inayofuata. Wanachomoa kiunganishi cha taa, wanaweka mita ya kupimia volti kwenye nyaya za friji, mita inasoma volti 12, wanaanza kuona maajabu: umeme upo, taa nzima, haiwaki. Mita haili umeme karibu wowote. Kiungo kilichoota kutu kinaweza kupitisha kiasi kidogo cha kuitosha mita kusoma 12 kamili, lakini kikashindwa kupitisha kile ambacho taa inahitaji. Kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa taa ikiwa imeunganishwa, ncha za mita zikiingizwa kwa nyuma ya kiunganishi, pale nyaya za upande wa taa zinapoingilia.

Niliwahi kushughulikia friji ya namna hii. Bila taa, mita ilisoma 12.1. Nilipochomeka taa, ikashuka mpaka 7.6 na taa ikabaki giza. Ndani ya taa ile LED zilikuwa zimeungwa tatu kwa mfuatano, na kila LED nyeupe huhitaji karibu volti 3 ili iwake vizuri, yaani jumla kama 9. Kwa 7.6 ulibaki mng'ao hafifu mno, ambao niliuona baada tu ya kuzima taa za chumba. (Jaribu hilo kwako usiku. Ni kipimo cha bure.) Mng'ao kama huo unaonyesha kuwa njia haijakatika, ila imebanwa mahali. Nilipofungua kiunganishi nikakuta pini moja imeota kutu ya kijani. Unyevu wa friji hujikusanya hapo, na kwa kuwa mkondo ni mdogo, hakuna kinachoungua wala kunuka. Kiungo kinakufa kimyakimya. Kuisugua kwa kisu kungesaidia kwa muda mfupi tu. Nilikata pini zote mbili, nikabana mpya, nikapaka grisi ya kuzuia unyevu, na taa ya zamani iliyokuwa imeshatupwa kando ikawaka.

Angalia jambo moja unapopima: friji nyingi huzima taa zenyewe mlango ukikaa wazi kwa dakika kadhaa. Ukipima wakati huo utapata sifuri na utailaumu bodi bure. Funga mlango, ufungue tena, kisha pima haraka. Na kama friji yako huwasha taa taratibu kama mapambazuko, subiri ifike mwisho kabla ya kusoma mita. Kila unapochomoa au kuchomeka kiunganishi, ondoa kwanza plagi ya friji ukutani.

Ukipata sifuri hata baada ya kuchomoa taa, na king'ora kinalia, imebaki njia ya waya au tundu la kutolea umeme kwenye bodi. Kutofautisha hayo mawili kunataka kupima kwenye bodi yenyewe, ambako umeme wa ukutani upo sentimita chache tu kutoka pale unapopima. Hiyo si kazi ya nyumbani. Ila mwambie fundi asikimbilie kubadilisha bodi nzima. Mara nyingi kilichokufa ni transista moja ndogo inayowasha taa, labda iliuliwa na taa ya zamani iliyopiga shoti, na fundi wa elektroniki anaweza kubadilisha hiyo peke yake.

Ikionekana waya umekatika ndani ya povu, usikubali ukuta utobolewe kuutafuta. Mabomba ya gesi hupita humohumo, na friji nyingi za sasa hutumia R600a, gesi inayoshika moto. Pia usipitishe waya mpya juu ya mpira wa mlango. Ule mwanya mdogo utaingiza hewa yenye unyevu mchana na usiku, na utaanza kuona barafu mahali ambapo haikuwepo. Kwa hali hiyo mimi hubandika ndani taa ndogo ya betri inayowaka yenyewe ikihisi mwendo, na friji inaendelea na kazi yake.