Kuganda kwa damu: anza na fibrini, kisha panda juu

Wanafunzi wa maabara wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo huwa wamekariri mchoro wa kuganda kwa damu kuanzia fakta XII, mojawapo ya protini za kugandisha damu, kushuka chini, na wengi hupotelea katikati. Mimi huwaambia waugeuze. Anza na fibrini, uliza ni nani aliyeitengeneza, halafu panda.

Fibrini hutokana na fibrinojeni, protini iliyoyeyuka ndani ya plazma. Thrombini huikata na kuondoa vipande vidogo, ikiacha wazi sehemu zinazonasana. Molekuli zilizokatwa hujipanga zenyewe kuwa nyuzi, na nyuzi huwa wavu juu ya chembe sahani zilizokwisha kukusanyika kwenye jeraha. Wavu huo bado ni dhaifu, maana molekuli zake zimeshikana tu, hazijafungwa. Ndipo thrombini hiyohiyo inapoamsha fakta XIII, ambayo huunganisha nyuzi kwa vifungo vya kikemia. Hapo bonge linakuwa imara.

Thrombini nayo inatoka wapi? Hutoka kwenye prothrombini, yaani fakta II, ikikatwa na fakta X iliyoamshwa, ikisaidiwa na fakta V pamoja na kalisi. Kuanzia X hadi fibrini ndiyo njia ya pamoja. Kuifikia X kuna milango miwili. Njia ya nje huanza pale fakta ya tishu, iliyo kwenye seli zinazozunguka mshipa, inapokutana na damu na kushikana na fakta VII. Njia ya ndani hupitia XII, XI, kisha IX ikisaidiana na VIII.

Vipimo vyetu viwili vya kila siku, vinavyohesabu sekunde hadi plazma igande, hufuata mgawanyo huo. PT hupima njia ya nje na ya pamoja. aPTT hupima ya ndani na ya pamoja. Vikirefuka vyote viwili, shaka iwe kwenye njia ya pamoja, au kwenye jambo linalogusa fakta nyingi kwa mkupuo, kama ugonjwa wa ini au upungufu wa vitamini K. Lakini kabla ya kufikiri ugonjwa, itazame chupa ya kifuniko cha bluu. Inahitaji sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitrati. Ikijazwa nusu, sitrati iliyozidi hufunga kalisi na majibu hurefuka bure.

Chukua mfano wa mtoto wa kiume ambaye goti limevimba baada ya kuanguka kidogo tu. Chembe sahani zake ziko sawa, PT ni sekunde 12, lakini aPTT ni sekunde 78, wakati kiwango cha maabara hiyo ni 25 hadi 36. Njia ya pamoja imesalimika, la sivyo PT ingerefuka pia. Changanya plazma yake nusu kwa nusu na plazma ya mtu mzima wa afya, upime tena. Ikishuka hadi 34, kuna kitu kilichopungua na plazma ya pili imekijaza. Ikikataa kushuka, fikiria kizuizi. Pima pia baada ya saa 2 katika nyuzijoto 37, kwa sababu kingamwili za kushambulia fakta VIII hufanya kazi taratibu. Kwa mtoto huyu inabaki chini hata baada ya saa hizo. Fakta VIII ikipimwa na kukutwa chini ya asilimia 1, hiyo ni himofilia A kali.

Hapa huja swali ninalolipenda: kama njia yake ya nje ni nzima, mbona anavuja damu? Kwa sababu mwilini njia hizi hazitengani kama kwenye mchoro. Njia ya nje huwasha moto, lakini huzimwa mapema na kizuizi chake. Thrombini kidogo iliyopatikana huamsha V, VIII na XI, na fakta ya tishu ikiwa na VII huamsha IX pia. Kazi kubwa ya kuamsha X baada ya hapo ni ya IX na VIII. Ndiyo maana asiye na fakta XII huwa na aPTT ndefu mno na bado havuji damu.

Kuna tatizo moja ambalo vipimo hivi viwili havilioni kabisa. Vyote husimamisha saa fibrini inapotokea, kabla fakta XIII haijamaliza kazi yake. Kwa hiyo mtoto mchanga ambaye kitovu chake kinaendelea kutoa damu anaweza kuwa na PT na aPTT za kawaida. Usimrudishie daktari majibu hayo ukanyamaza; pendekeza fakta XIII ipimwe yenyewe. Kile kipimo cha zamani cha kuloweka bonge kwenye urea husaidia, lakini hugundua upungufu mkubwa sana tu.