Presha ya jicho ilisoma 19, kumbe kikombe kilishapanuka

Nilikwenda kutafuta miwani ya kusomea tu. Nina miaka 46, nauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, na maandishi ya daftari la madeni yalikuwa yameanza kunikimbia. Dukani nikasoma herufi za ukutani mpaka mstari wa mwisho. Mashine ya kupuliza upepo ikasoma presha ya macho 19. "Mama, uko sawa," wakaniambia, nikalipia miwani nikaondoka. Kawaida ni 10 hadi 21, kwa hiyo namba haikuwa na neno. Tatizo ni kwamba waliishia hapo.

Mwaka uliofuata dada yangu akakutwa na glaukoma, ugonjwa unaoua neva ya jicho, na jicho moja limeshazima. Daktari wake akataka ndugu wote wa tumbo moja tupimwe.

Safari hii niliwekewa dawa ya kupanua mboni (usiende na pikipiki, utaona ukungu kwa saa kadhaa), kisha daktari akamulika nyuma ya jicho. Akanichorea duara: hapo ndipo nyuzi za neva, zaidi ya milioni 1, hutokea kwenda kwenye ubongo. Katikati pana kishimo, wanakiita kikombe. Nyuzi zikifa, ukingo unakonda na kikombe kinapanuka. Kikombe changu cha kulia kilikuwa 0.4, yaani sehemu nne kwa kumi za upana wa duara. Cha kushoto 0.7. Watu wengine huzaliwa na vikombe vikubwa na hawaumwi, lakini macho ya mtu mmoja kupishana zaidi ya 0.2 kunatia shaka, na ukingo wangu wa chini ulikuwa umeliwa.

Na ile 19? Akapima unene wa konea, kioo cha mbele cha jicho: maikroni 490, wakati wastani ni kama 540. Konea nyembamba hubonyea kirahisi, kipimo kikatoa namba ndogo kuliko presha yenyewe. Tena wapo wanaopata glaukoma bila presha kuvuka 21 kabisa.

Kisha nikakazia macho kitone, jicho moja limezibwa, nabonyeza kitufe kila taa ikimeta. Karatasi ya jicho la kushoto ikatoka na doa jeusi juu, upande wa pua. Sikuwahi kuliona, maana jicho la kulia lilikuwa linaliziba pengo.

Kwa hiyo ukipimwa, uliza: mmeona neva yenyewe? Kikombe ni ngapi, kila jicho? Andika, maana mwakani utalinganisha na namba hizo. Mimi natia tone moja kila usiku, nafumba jicho na kubana kona ya karibu na pua dakika mbili ili dawa isikimbilie kooni. Presha sasa ni 13. Doa liko palepale, uoni uliopotea haurudi.

Kaka yetu bado anasema anaona vizuri, simu anasoma bila miwani. Nauli yake ya Alhamisi nimeshatuma.