Ukilipa watu kwa float, shilingi zao zitapotea

Kama unaandika programu ya kulipa watu, nisikilize kwa hii. Nilikuwa Njoro naangalia sistimu ya jamaa mmoja anayelipa watu wa pikipiki wanaobeba maziwa, wanapewa 4.35 kwa kila lita, na kijana mmoja amelalamika amepeleka lita 100 na hajapewa 435, amepewa 434. Karani anaapa hajagusa kitu, na ni kweli hajagusa. Fungua Python ujionee:

```
>>> 4.35 * 100
434.99999999999994
>>> int(4.35 * 100)
434
```

Shida ni kwamba `float`, aina ya namba ambayo Python inatumia ukiandika desimali kama 4.35, inaandika sehemu za shilingi kwa nusu, robo, nusu ya robo na kuendelea hivyo, na 4.35 haiwezi kutoka sawasawa kwa hizo hata uongeze vipande vingapi, kwa hivyo kompyuta inaweka kitu kama 4.3499999999999996 na kukuonyesha 4.35 ndio usisumbuke. Sasa programu ikikata desimali badala ya kuzungusha, shilingi nzima imeenda. Na hii ndio inakasirisha kabisa, ukijaribu na 4.50 au 4.25 kila kitu kiko sawa, kwa sababu hizo ni nusu na robo, kwa hivyo majaribio yanapita halafu malalamiko yanakuja tu siku bei ikibadilika.

Mimi nashauri uweke senti nzima kama namba kamili. 4.35 iwe senti 435, zidisha mara lita 100 upate senti 43500, ugawe kwa 100 wakati wa kuonyesha kwa skrini tu. Kwa databesi tumia `BIGINT`. Lakini kama mwenye biashara analipa 4.355 kwa lita, senti hazitoshi, hapo chukua aina ya desimali, kwa Postgres ni `NUMERIC(12,4)` na kwa Python ni `Decimal`. Ila ilishe maandishi, sio float, maana `Decimal(4.35)` inabeba lile kosa likiwa limeshaingia:

```
from decimal import Decimal
Decimal("4.35") * 100   # 435.00
```

Hata hizi hazifanyi muujiza wa kugawanya. Shilingi 1,000 kwa watu watatu ni senti 33333 kila mmoja na senti moja inabaki, na ni wewe uamue inaenda kwa nani, uiandike kwenye programu, usiache kila ripoti izungushe kivyake halafu jumla zikatae kulingana.

Na kama tayari una data ya zamani kwa float, wakati wa kuhamisha tumia `round(x * 100)`, sio `int`, halafu linganisha jumla ya kila mtu na risiti zake kabla hujafuta safu ya zamani.