Kuku wako wameanza kutaga?

Swali la wiki: Kama unauza kitu ambacho watu wa kwenu hawajakizoea, ni jambo gani lazima umweleze mteja kabla hajalipa?

Nauza chakula cha kuku mahali ambapo wengi wamezoea kuwamwagia makombo na pumba. Kwao chakula cha dukani ni kimoja tu, na kile "cha mayai" ndicho bora. Ndiyo maana kabla sijafungua gunia nauliza kwanza: kuku wako wameanza kutaga?

Mwaka wangu wa kwanza sikuuliza. Mama mmoja alikuwa na tembe ishirini wa wiki sita, akataka chakula cha mayai ili watage mapema. Nikampimia. Baada ya wiki kadhaa akarudi: wanakunywa maji kupita kiasi, kinyesi ni majimaji meupe, na wawili wamekufa. Daktari wa mifugo alimpasua mmoja mbele yetu. Figo zilikuwa zimevimba na kupauka, na moyo umefunikwa na kitu cheupe kama vumbi la chaki. Sijaisahau picha ile.

Kosa lilikuwa kwenye kalisi. Chakula cha kuku wanaotaga kina kalisi karibu asilimia 4, cha wanaokua karibu 1. Tembe wa umri ule anakula kama gramu 50 kwa siku, kwa hiyo alikuwa anameza gramu 2 za kalisi badala ya nusu gramu. Anayetaga anaihitaji, kwani ganda la yai moja tu lina kama gramu 2. Tembe hana pa kuipeleka, na figo ndizo zinazobeba mzigo wa kuitoa mpaka zinashindwa.

Kinyume chake pia ni hatari. Kuku anayetaga akilishwa chakula cha wanaokua, anachota kalisi kwenye mifupa yake. Utaona kwanza mayai ya ganda laini, baadaye kuku anashindwa kusimama. Kwa hiyo namwambia mteja abadilishe chakula upanga wa kichwani mwa kuku unapokuwa mwekundu na mayai ya kwanza yanapoonekana, asitangulie sana.

Wenye kundi la mchanganyiko ndio wengi, na hao nawauzia chakula cha wanaokua kwa kundi zima, pamoja na maganda ya chaza yaliyopondwa, yawekwe kwenye chombo cha peke yake. Wanaotaga huyafuata wenyewe. Wadogo hudonoa kidogo na kuyaacha.

Na kwa kuwa nauza kwa kupima, kila gunia lina kopo lake lenye rangi yake. Mteja akiwa na wasiwasi, naweka kijiko cha kila aina kwenye sahani mbili na kudondoshea siki. Cha mayai hutoa povu jingi kwa sababu ya chokaa, ambayo ndiyo yenye ile kalisi. Kile kingine hutoa kidogo tu. Yule mama naye alitaka aoneshwe, na siku hiyo alinunua cha wanaokua kwa wale tembe waliobaki.